Chaki Bado Mkononi

Desturi ya wazee wetu ilikuwa hivi: mtu akimaliza kazi yake, husifiwa mbele ya watu kwa matendo yake yaliyoonekana, na hata ukali wake hausitiriwi. Kwa desturi hiyo anasifiwa hapa marehemu Bwana Carey Francis. Alikuwa akifundisha hesabu katika chuo kikuu cha Kembriji, Uingereza, akaja Maseno mwaka 1928. Mwaka 1940 alifanywa mkuu wa Alliance High School, Kikuyu. Vitabu vyake vya hesabu vilisomwa katika skuli nyingi za Afrika ya Mashariki. Alistaafu mwaka 1962, lakini hakurudi kwao kupumzika. Alikwenda Pumwani, Nairobi, kuwa mwalimu wa kawaida, na huko alifanya kazi mpaka alipofariki mwaka 1966.

Wazee kaeni chini, vijana njoni karibu,
Sifa hutoka moyoni, haitolewi kwa tabu,
Asifiwe wa chuoni, aliyefunza hisabu,
Aliiacha ofisi, chaki bado mkononi.

Kembriji alisifika, chuo kikuu cha kwao,
Kitini akaondoka, akaacha na makao,
Maseno alipofika, akawa mmoja wao,
Aliiacha ofisi, chaki bado mkononi.

Mpira aliucheza, na vijana kiwanjani,
Hakukaa kujikweza, kama mkubwa kitini,
Jasho likimteleza, kaptula magotini,
Aliiacha ofisi, chaki bado mkononi.

Kikuyu akahamia, aiongoze skuli,
Miaka ikatimia, ishirini na miwili,
Uwongo alichukia, akiusaka ukweli,
Aliiacha ofisi, chaki bado mkononi.

Mkali hakufichika, fimbo yake iliuma,
Wengi walinung'unika, kumwona hana huruma,
Sheria aliyoweka, naye aliiandama,
Aliiacha ofisi, chaki bado mkononi.

Kitabu chake cha namba, kikafika darasani,
Waliopima mashamba, walikisoma zamani,
Na karani kwenye chumba, hesabu ziko kichwani,
Aliiacha ofisi, chaki bado mkononi.

Muda wake ukafika, wengi wakitarajia,
Kwamba angepumzika, meli akiirudia,
Njia nyingine kashika, Pumwani akaingia,
Aliiacha ofisi, chaki bado mkononi.

Hakuitaka heshima, ya ukuu hapo tena,
Ubaoni kasimama, mwalimu kama wa jana,
Aliyeongoza jama, akawa chini ya bwana,
Aliiacha ofisi, chaki bado mkononi.

Ukubwa si wa kitini, hupimwa kwa atendayo,
Alifariki kazini, akiitenda kwa moyo,
Sifa zake midomoni, zitamkwe pasi choyo,
Aliiacha ofisi, chaki bado mkononi.