Daftari la Wiki: Majibu Kabla ya Kwenda Hewani

Kila wiki, kabla ya kuketi mbele ya kipaza sauti, huyaandika majibu ya maswali ya wasikilizaji neno kwa neno, kwani msikilizaji wa redio, tofauti na msomaji wa gazeti, hawezi kurudi juu kulisoma tena lililomponyoka. Nami hushika kanuni moja, kwamba jibu lisikomee kwenye ajabu bali lifike kwenye sababu, kisha lioneshe na mpaka wa sababu hiyo. Haya ndiyo matatu ya juma hili.

Mlima unaopauka

Msikilizaji wa Arusha auliza kwa nini zaha ya Ol Doinyo Lengai huonekana nyeusi inapotoka, na baada ya siku chache kilele kikawa cheupe kana kwamba kimeangukiwa na theluji.

Zaha ya volkano nyingi, mathalani zile za Hawaii, ina silika kwa wingi, nayo hutoka ikiwa na joto la nyuzi zipatazo 1,100 za Selsiasi, ndiyo maana hung'aa nyekundu na manjano hata mchana. Ya Lengai haina silika ila kidogo mno; imejaa kaboneti za sodiamu, potasiamu na kalisi, jamaa wa karibu wa magadi tuyajuayo jikoni, na aina hii huwa majimaji kwa nyuzi 500 hadi 600 tu. Kwa joto hilo mng'ao wake ni hafifu, hivyo juani huonekana kama matope meusi yatiririkayo upesi, na usiku ndipo huonesha wekundu uliofifia. Ikisha kuganda, chumvi zake hunywa unyevu wa hewa na mvua, zikageuka madini mengine yaliyo meupe. Hakuna volkano nyingine iliyo hai leo duniani itoayo zaha ya namna hiyo.

Walakini asidhani mtu kwamba mlima wenye zaha ya joto dogo ni mlima mpole. Mwaka 2007 mtiririko huo wa kimya ulifuatwa na milipuko mikali iliyorusha majivu juu sana, na wanajiolojia waeleza kuwa zaha ya magadi ilikutana na nyingine yenye silika iliyopanda kutoka chini, gesi ya kaboni dioksidi ikafumuka kwa nguvu. Basi atazamaye mlima huo na auhofu zaidi unapobadili desturi yake kuliko unapomwaga zaha yake ya kila siku.

Kahawa baada ya Isha

Wa pili, mzee wa Tanga, asema hunywa kahawa saa tatu usiku na bado hulala vizuri, ila huamka amechoka. Tangu tuamkapo, kitu kiitwacho adenosini hulimbikana ubongoni saa baada ya saa, na ndicho kituleteacho uzito wa macho. Kafeini haikiondoi, hukalia tu mahali pake, kama mgeni aliyewahi kiti cha mwenyeji. Nusu yake huchukua takriban saa tano kutoka mwilini, ijapokuwa watu hutofautiana sana, hivyo ifikapo saa nane usiku nusu ya kikombe cha mzee wetu ingalimo. Usingizi humjia, lakini ule mzito hupungua, naye hajui kwa kuwa alikuwa amelala. Ajaribu kuinywa kabla ya Alasiri kwa juma moja, kisha apime mwenyewe asubuhi zake.

Zamu ya mwisho katika upatu

Wa tatu, mama wa Temeke, auliza kama apangiwaye zamu ya mwisho katika upatu amedhulumiwa. Tuchukue watu kumi, kila mmoja akitoa shilingi 30,000 kwa mwezi. Kila mwezi mmoja hupokea 300,000. Apokeaye kwanza kwa hakika amekopeshwa bila riba, na wa mwisho ndiye aliyewakopesha wenzake bila riba. Bei zikipanda kwa asilimia 5 kwa mwaka, kitu kilichouzwa 300,000 mwezi wa kwanza, miezi tisa baadaye kitakuwa karibu 311,000, na tofauti hiyo ndiyo gharama ya kungoja.

Hiyo ni ndogo kando ya hatari kubwa, nayo ni mtu kupokea mapema kisha akaacha kutoa. Kwa hiyo kijumbe mwenye busara huwaweka wageni mwishoni na wale waliokwisha kumaliza mizunguko kadhaa mwanzoni. Mama huyu, kabla ya kunung'unikia zamu yake, na amuulize kijumbe mambo mawili: mzunguko ujao orodha itageuzwa au la, na anayeacha kutoa nani humlipia. Akikosa jibu la jambo la pili, hapo asiingie hata kwa zamu ya kwanza.