Daftari la mwalimu mwanagenzi lisiwe pambo la mkaguzi

Kila ifikapo muhula wa pili, walimu wanagenzi kutoka vyuo vikuu vyetu huenea katika shule za upili kote nchini kwa mazoezi ya kufundisha. Nasi wahadhiri huwafuata huko na fomu zetu za kutathmini. Baada ya kuketi nyuma ya darasa kwa dakika 40, huwa tunaomba makabrasha: maazimio ya kazi, maandalio ya masomo, rekodi ya kazi, na lile daftari ambamo mwanagenzi huandika vipindi alivyofundisha, maoni aliyopewa na shabaha zake za juma lijalo. Ni hilo la mwisho ninalotaka kulizungumzia leo, maana naamini tumelitumia visivyo, na mimi mwenyewe ni mmoja wa wakosaji.

Mwaka 2018 niliwatembelea wanagenzi wawili wa Kiswahili katika shule mbili jirani. Wa kwanza alinikabidhi daftari safi, lenye jalada la nailoni na mwandiko wa kupendeza. Kila ukurasa uliimba wimbo mmoja: somo lilifaulu, wanafunzi walishiriki vyema, juma lijalo nitaboresha mbinu za kufundisha. Nilimpa alama za juu. Daftari la wa pili lilikuwa limekunjamana pembe, limeandikwa kwa kalamu za rangi mbalimbali na kufutwafutwa, tena limejaa maungamo ya makosa. Nikampunguzia alama.

Niliporejea mwezi Juni, nilimkuta yule wa kwanza amerekodi kipindi cha tarehe 1, siku ya Madaraka, ambapo shuleni humo hapakufundishwa lolote. Bila shaka majuma kadhaa yalikuwa yameandikwa kwa mkupuo mmoja, kwa wino mmoja. Hapo ndipo nilipoanza kulisoma kwa makini lile daftari chafu nililolidharau.

Ukurasa mmoja ulihusu somo la ngeli ya A-WA katika Kidato cha Pili chenye wanafunzi 48. Mwanagenzi alikuwa amepanga kuzungumza kwa dakika 15, lakini alizungumza kwa dakika 29. Aliuliza maswali 11, na manane kati ya hayo aliyajibu mwenyewe. Mwishoni alikusanya madaftari 10 ya wanafunzi, akayakuta saba yana sentensi "Kipepeo kimetua juu ya ua." Chini yake alinakili maoni ya mwalimu mlezi neno kwa neno: "Unauliza, kisha unajibu kabla mtoto hajafungua kinywa."

Msomaji atambue kwamba andalio la somo lisingeweza kutueleza haya, kwa kuwa andalio husema lililokusudiwa. Rekodi ya kazi nayo husema mada iliyofundishwa, na ingeandika tu "Ngeli ya A-WA" kana kwamba mambo yalikwenda sawa. Daftari hili pekee ndilo linaloonyesha pengo baina ya kusudi na tukio.

Isitoshe, mwanagenzi huyo alitafuta chanzo. Alirejelea mifano yake ubaoni akaona kwamba yote ilikuwa ya umbo moja: mtu, mtoto, mkulima, mgeni. Wanafunzi walikuwa wamehitimisha, kwa haki kabisa, kwamba ngeli huamuliwa na kiambishi cha nomino. Kipepeo kikawa cha KI-VI kwa sababu kinaanza kwa "ki". Kumbe ngeli katika mfumo tunaofundisha hubainishwa na upatanisho wa kisarufi katika sentensi, na nomino za viumbe wenye uhai huchukua A-WA hata maumbo yake yakitofautiana. Kosa halikuwa la watoto, bali la mifano.

Ndipo akaandika shabaha mbili. Kwanza, kipindi kijacho cha ngeli kianze kwa kiongozi, nabii, samaki na mkulima pamoja, ili wanafunzi waone maumbo manne yakichukua upatanisho mmoja. Pili, baada ya kila swali ahesabu kimoyomoyo hadi tatu kabla ya kusema neno. Aliandika pia namna atakavyojua kama amefaulu: mwenzake ataketi nyuma na kuhesabu maswali, naye atakusanya tena madaftari 10, kwa sentensi mpya ili wanafunzi wasije wakakariri zile za awali.

Shabaha hiyo ya pili haikuwa mzaha. Mtafiti Mmarekani Mary Budd Rowe alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu kwa kawaida walisubiri takriban sekunde moja tu baada ya kuuliza, na kwamba waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka na waliojitolea kujibu wakaongezeka. Sekunde tatu za kimya humtisha mwalimu mgeni, ndiyo maana yafaa aziandike kama ahadi inayoweza kuhesabiwa.

Juma lililofuata aliuliza maswali 10, akajibu mwenyewe matatu. Katika madaftari 10, matatu yalikuwa na makosa, na yote yalikuwa katika wingi: "Viongozi vimefika." Kwa hiyo shabaha ya juma la tatu ilijiandika yenyewe. Sisemi kwamba madaftari 10 yanathibitisha hali ya wanafunzi 48, la hasha. Lakini yalimwonyesha mwalimu pa kuelekea, jambo ambalo "nitaboresha mbinu" haliwezi kulifanya asilani, kwa sababu hakuna siku ambayo mtu anaweza kusema kwamba ametimiza au ameshindwa.

Wanagenzi, basi, waandike siku ile ile, dakika 10 tu baada ya masomo, kabla kumbukumbu haijapambwa. Si lazima kila kipindi kiandikwe kwa mapana. Vipindi vingi vinatosha mstari mmoja, na kimoja au viwili kwa juma vichunguzwe kwa undani. Maoni ya mlezi yanakiliwe kama alivyoyasema, hata yakichoma. Shabaha zisizidi mbili, na kila moja iambatane na njia ya kuipima.

Hata hivyo, lawama kubwa ni yetu sisi wakaguzi. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini ni sisi tunaowafundisha vijana kuuficha. Tunapoligawia alama daftari la makosa, tunamwadhibu anayekiri na kumtuza anayetunga. Kuna watakaouliza: bila alama, nani ataandika? Swali hilo ni la haki, kwani mwanagenzi mwenye vipindi vingi na rundo la insha za kusahihisha hutafuta pa kupunguzia mzigo. Jibu langu ni kwamba vyuo vidai daftari liwepo, liwe na tarehe na sahihi ya mlezi kila juma, lakini yaliyomo yasipewe alama. Badala yake, mkaguzi alifungue kabla ya kipindi, asome shabaha ya juma hilo, kisha atazame darasani kama inatekelezwa. Hicho ndicho kitakachoandikwa kwenye fomu.

Nimekuwa nikifanya hivyo tangu mwaka ule. Alama za yule kijana wa pili nilizirekebisha katika ziara iliyofuata, ingawa sikuweza kufuta uso aliokuwa nao siku ya kwanza alipoiona fomu yangu.