Njia ya Shuleni Iwe ya Kukumbuka, Si ya Kusikiliza Tu

Mwanafunzi wa kidato cha nne, tuanze na hesabu ndogo. Ikiwa unasoma shule ya kutwa hapa Kipini na unatembea dakika 40 asubuhi na dakika 40 jioni, kwa siku tano za wiki umekuwa njiani saa 6 na dakika 40. Mwenzako wa bweni ana prepu yenye taa na meza. Wewe ukifika nyumbani kuna maji ya kuteka, wadogo wa kuangalia na pengine taa ya kugombaniwa. Saa hizo za njiani ni zako peke yako, na swali ni utazitumiaje.

Ushauri ambao wanafunzi wengi hupewa ni kurekodi muhtasari wa vitabu teule kwenye simu, kisha kuusikiliza wakitembea au wakiwa ndani ya matatu. Mimi ninaupinga ushauri huo kwa namna unavyotolewa. Si kwamba kurekodi ni kubaya. Kinachorekodiwa ndicho kibaya.

Nitaeleza kwa kosa langu mwenyewe. Niliwahi kuwarekodia wanafunzi wangu muhtasari wa tamthilia nzima, onyesho baada ya onyesho. Waliusikiliza hadi wakaweza kunisimulia mchezo wote bila kukwama. Nilipowapa jaribio lenye swali la sifa za mhusika mmoja, wengi walinisimulia mchezo wote tena, kwenye karatasi. Hoja zilikuwa zimezama ndani ya usimulizi kama sindano kwenye majani makavu. Sikuwa na haki ya kuwalaumu. Nilikuwa nimewafundisha masikioni mpangilio wa matukio, nao wakaniletea mpangilio wa matukio.

Kosa hilo ni la kawaida sana katika Karatasi ya Tatu, ile ya Fasihi. Una saa mbili na nusu, maswali manne ya alama 20 kila moja, jumla alama 80. Msahihishaji hatafuti hadithi, kwa sababu hadithi anaijua. Anatafuta hoja, na baada ya hoja anatafuta tukio la kitabuni linaloithibitisha. Mtahiniwa anayesimulia kurasa mbili akitumaini hoja zitajitokeza zenyewe humaliza muda wake na kupata alama chache.

Kuna sababu ya pili ya kutoridhika na kusikiliza tu. Ukisikia jambo mara ya tano, linakuwa jepesi masikioni, na wepesi huo unakudanganya kwamba unalijua. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kifungu cha kusoma. Kundi moja lilikisoma mara ya pili. Kundi jingine lilifunga kifungu na kuandika lililokumbuka. Baada ya dakika tano, waliosoma mara mbili walikuwa mbele kidogo. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojaribu kukumbuka walikuwa bado na takriban asilimia 56 ya yaliyomo, na waliosoma mara mbili takriban asilimia 42. Mtihani wako hauji baada ya dakika tano. Kwa hiyo kazi ya njiani iwe kutoa kilicho kichwani, na kusikiliza kuwe kwa kusahihisha tu.

Basi, rekodi maswali badala ya muhtasari. Jioni, omba simu ya mzazi kwa dakika kumi. Soma swali moja kwa sauti, kaa kimya ukihesabu hadi ishirini, kisha sema jibu kwa hoja fupi. Endelea na swali la pili. Maswali sita yanatosha kwa siku moja, na sauti yote haitazidi dakika tano au sita. Uliza kama mtahini: "Taja sifa nne za Bunju katika Bembea ya Maisha, kila moja na tukio lake." Usiseme "Hebu tukumbushane kuhusu Bunju," maana hapo utaanza kusimulia. Ule ukimya wa katikati ndio somo lenyewe. Usiupitishe haraka.

Najua utaniuliza, "Mwalimu, simu shuleni hairuhusiwi, nitaisikilizia wapi?" Ni kweli, na usiibebe kwa siri kwa sababu yangu. Sikiliza rekodi mara moja nyumbani kabla ya kutoka, ukiwa unafunga viatu au ukinywa chai. Andika yale maswali sita kwenye kikaratasi kidogo kinachoingia mfukoni, maswali bila majibu. Njiani ni wewe na kikaratasi. Jioni ukirudi, rekodi inakungoja ikusahihishe. Siku ya safari ya matatu, tuseme unakwenda Witu au Garsen na simu ya nyumbani iko nawe, unaweza kusikiliza humo ndani, lakini utaratibu ni uleule: simamisha sauti kila baada ya swali, jibu kwa midomo, kisha ruhusu jibu liendelee.

Sasa tutembee pamoja asubuhi moja. Nimechagua Fasihi Simulizi, na mfano ni wa kwetu: Fumo Liyongo, shujaa ambaye mapokeo yanasema kaburi lake liko hapa Kipini. Swali: "Kwa kurejelea mighani ya Liyongo, eleza sifa tano za shujaa wa mighani. (alama 10)."

Chagua vituo vitano ambavyo huvikosi njiani. Tuseme mlangoni pa nyumbani, mkwajuni, msikitini, dukani, na lango la shule. Kila kituo kipe hoja moja, na usiondoke kiakili kabla ya kutamka mambo mawili: hoja na tukio lake.

Mlangoni: shujaa ana nguvu zisizo za kawaida. Tukio: Liyongo anapiga panda kwa pumzi yake hadi inapasuka. Mkwajuni: shujaa huonewa wivu na wenye mamlaka. Tukio: mtawala wa Pate anamhofia kwamba atauchukua ufalme, anamtia gerezani na kupanga kumuua. Msikitini: shujaa ana akili na ubunifu. Tukio: akiwa kifungoni anatunga shairi linalobeba ujumbe kwa mamake kupitia kijakazi Saada. Mamake anaoka mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake, naye anakata minyororo wakati nje kunachezwa ngoma ya gungu. Dukani: shujaa ana siri ya udhaifu wake, na msaliti wake ni mtu wa karibu. Tukio: mwanawe mwenyewe anashawishiwa kwa ahadi ya kuozwa binti wa mtawala, anauliza siri, kisha anamdunga babake kitovuni kwa sindano ya shaba. Langoni: kifo cha shujaa ni cha kishujaa. Tukio: anakufa akiwa amepiga goti karibu na kisima, upinde na mshale mkononi, na watu wanaogopa kwenda kuteka maji wakidhani yu hai.

Umeona? Hatukusimulia mighani. Tumeikata vipande vitano vinavyoweza kuingia kwenye karatasi vikiwa vimepangwa. Kesho swali likibadilika na kuwa nafasi ya mwanamke katika mighani hii, utachukua mamake na Saada kutoka kwenye kituo cha msikitini na kuanzia hapo. Aliyesikiliza muhtasari atalazimika kuanza tena mwanzo wa hadithi.

Utajuaje kwamba ulikumbuka kweli? Kuna alama tatu za kujihadhari. Ya kwanza ni ile sauti ya ndani inayosema "hii naijua" kisha unapita kituo bila kutamka. Hukukumbuka hapo, ulipita tu. Ya pili ni kutaja hoja na kukosa tukio, au tukio na kukosa hoja. Hiyo ni nusu ya jibu. Ya tatu ni hatari zaidi: kukumbuka kosa kwa ujasiri. Mwanafunzi anaweza kutembea wiki nzima akimpa mhusika mmoja tendo la mwingine, na kila siku kosa linazidi kukauka kama saruji. Ndiyo maana lazima kuwe na usahihisho siku ileile. Ukifika darasani, kabla ya kuzungumza na yeyote, chukua dakika tano uandike hoja zako tano kwenye daftari. Pale ulipokwama, weka mstari mtupu. Jioni fungua kitabu kwa ajili ya ile mistari mitupu tu. Kwa taa ya kugombaniwa, dakika 20 zinatosha, kwa sababu huanzi ukurasa wa kwanza.

Swali lililokukwamisha lirudie kesho yake, kisha baada ya siku tatu, kisha wiki ijayo. Ukilijibu mara hizo zote bila msaada, liondoe kwenye kikaratasi uweke jipya.

Ukitembea na mwenzako, hamhitaji simu hata kidogo. Mmoja aulize, mwingine ajibu, mbadilishane mkifika kituo cha kati. Mwenzako ana faida ambayo rekodi haina: atakukatiza ukianza kusimulia.

Njia ina mipaka yake pia. Haitakufundisha kuandika insha yenye mtiririko, wala tahajia, wala kuhesabu mizani na kuchambua vina vya shairi ambalo hulioni. Hayo yanataka meza na kalamu, na ndiyo sababu kumbukumbu ifanyike njiani ili meza ibaki na kazi ya meza. Kisha kuna usalama. Usivae vipokea sauti vya masikioni ukitembea kando ya barabara yenye bodaboda, wala mapema alfajiri na magharibi karibu na mto, ambako viboko hupanda kulisha. Hoja tano za Liyongo hazina thamani ya sikio lililoshindwa kusikia pikipiki.

Usikubali kuambiwa kwamba wa kutwa ameshindwa kabla ya kuanza kwa sababu ya njia yake ndefu. Lakini pia usijidanganye kwamba sauti masikioni ni kusoma. Kesho asubuhi, kabla hujatoka, andika maswali sita. La kwanza liwe lile unaloliogopa.