Usiku wa Tarehe 1 Ulienda Wapi?

Wasee, mtu akiniambia "tulijaribu apu na iko sawa", swali langu ni moja tu: mlijaribu saa ngapi? Maana apu nyingi za mishahara hujaribiwa saa nane mchana, na saa nane mchana haina siri yoyote.

Baba mdogo analinda duka hapa Kombewa. Anapokea zamu saa sita na dakika kumi usiku na kubonyeza kitufe kwa simu. Kila usiku ni shilingi 600. Machi 2025 alilinda usiku 26, akalipwa 25. Akaambiwa ati amehesabu vibaya. Mzee ana kijitabu, jameni!

Tukakaa na simu yake. Pale inaonyesha alibonyeza tarehe 1 Machi, sawa kabisa. Lakini seva inaweka saa za UTC, na Kenya iko mbele kwa saa tatu. Hizi hapa chini ni dakika moja ile ile:

```
2025-03-01T00:10:00+03:00
2025-02-28T21:10:00Z
```

Kwa seva, hiyo ni Februari. Na hesabu ya Februari ilifungwa saa kumi na mbili jioni tarehe 28, kabla mzee hajafika kazini. Machi nayo haimtambui. Usiku umedondoka katikati, na utadondoka kila mwezi anaolinda tarehe 1: hadi usiku 12 kwa mwaka, shilingi 7,200. Halafu ajabu ni kwamba anayelala nyumbani na kuingia kazini saa mbili asubuhi hatawahi kuiona kasoro hii. Inawagonga tu wanaobonyeza kati ya saa sita usiku na saa tisa.

Dawa si kuhamisha seva. Acha ihifadhi UTC, lakini mwezi uhesabiwe kwa `Africa/Nairobi`: kuanzia saa sita usiku ya tarehe 1, mpaka kabla ya saa sita usiku ya tarehe 1 inayofuata. Ukiandika hivyo hutaji 28 popote, kwa hiyo hata 2024, Februari ilipokuwa na siku 29, hakuna aliyepotea. Aliyeandika "mwisho ni 28" alikula siku nzima ya watu.

Na kujaribu? Usingoje usiku. Gandisha saa ya apu kwa 23:59 ya tarehe ya mwisho, halafu 00:10, 02:59 na 03:00, zote za Nairobi. Hizo tatu za mwisho lazima ziangukie mwezi mpya. Ikiwa 02:59 inasema Februari na 03:00 inasema Machi, umeshamshika mwizi.

Kazi ya dakika kumi hiyo, madevelopa. Baba mdogo bado anadai 600 yake.