Ukimsetia mgonjwa alamu ya dawa, usimwachie mlio pekee

Kwenu nyumbani, kitu chochote chenye vitufe kikisumbua, ni wewe unaitwa. Kwa hivyo siku kaka yako mkubwa atakaporudi kutoka kliniki na mfuko wa dawa za kifua kikuu, utapewa saa na uambiwe, "Hebu niwekee hii ilie kila siku." Utabonyeza mara mbili tatu, umrudishie, basi. Maoni yangu ni kwamba hapo kazi yako itakuwa bado nusu. Saa inajua wakati umefika. Haijui kama mtu amemeza.

Chukua mfano huu. Kaka yako anafanya kazi ya mjengo na anaishi Pipeline. Matibabu ya kawaida ya TB huchukua miezi sita, dawa kila siku. Miezi miwili ya kwanza ni tembe zenye dawa nne ndani, kisha miezi minne ya tembe zenye dawa mbili. Tuseme kulingana na uzito wake amepewa tembe tatu, azimeze zote mara moja kwa siku, tumbo likiwa tupu, saa nzima kabla ya kula.

Swali la kwanza si "niweke saa ngapi?" Muulize siku yake inaendaje. Wengi husikia "meza asubuhi" na kuweka saa mbili. Lakini saa mbili yeye yuko juu ya ngazi na karai begani, dawa ziko nyumbani, na chai na mandazi alishakula zamani. Alamu italia, ataizima, aseme atameza jioni. Jioni amechoka, anasahau. Alamu imefanya kazi sawasawa na dozi imepotea.

Huyu mtu huamka saa kumi na moja alfajiri, hutoka saa kumi na moja unusu, na hunywa chai saa kumi na mbili unusu akifika saiti. Kwa hivyo weka alamu saa kumi na moja na dakika kumi. Yuko macho, maji yapo, dawa ziko mkononi, na mpaka chai ifike saa nzima imepita. Hiyo ndiyo saa yake, hata kama kwa mgonjwa mwingine ingekuwa ovyo.

Sasa saa yenyewe. Huhitaji smatiwochi. Ile inataka chaji kila mara, ikizima usiku asubuhi ni kimya, na ikiwa umeandika jina la dawa, linatokea kwenye kioo mbele ya abiria wote wa matatu. TB bado ina maneno mengi mtaani. Saa ndogo ya plastiki kama Casio F-91W hulia "pip pip" tu bila kusema siri ya mtu, na betri yake hudumu miaka.

Kwa F-91W, anza na saa yenyewe kuwa sahihi. Ukiwa kwenye ukurasa wa saa, kitufe cha kulia hubadilisha kati ya saa 12 na saa 24. Chagua 24. Hapa ndipo wengi huchomeka: kwenye mfumo wa saa 12, herufi ndogo tu ndiyo inayotofautisha alfajiri na jioni, na ukikosea, alamu italia jioni watu wakitazama mpira. Kisha bonyeza kitufe cha chini kushoto mara moja, uingie kwenye alamu. Bonyeza cha juu kushoto, tarakimu za saa zianze kumetameta, halafu cha kulia mpaka isome 5. Cha juu kushoto tena, dakika zisome 10. Kumbuka ni 5:10, si 11:10. Saa ya kioo haihesabu kama tunavyohesabu sisi. Funga kwa cha juu kushoto.

Alamu hiyo hujirudia kila siku bila kuambiwa tena. Hata hivyo, usiondoke bila kuijaribu. Iweke kwanza dakika mbili mbele, uisikie ikilia, ndipo urudishe 5:10. Na umwonyeshe kaka yako kwamba kwenye ukurasa wa alamu, kitufe cha kulia huwasha na kuzima mlio. Mtu akikichezea bila kujua, anaweza kuuzima na asigundue.

Udhaifu wake ni kwamba hulia sekunde 20 pekee, kwa sauti ndogo, na hairudii. Chini ya blanketi hutaisikia. Ndiyo maana nasema asilale nayo mkononi. Usiku iwekwe ndani ya kikombe cha bati, kando ya pakiti ya dawa na glasi ya maji. Bati litaongeza sauti. Lakini faida kubwa ni kwamba ili aizime, lazima mkono ufike pale dawa zilipo. Na sheria iwe moja: meza kwanza, zima baadaye. Ikinyamaza yenyewe kabla hajameza, hakuna shida, ameshasimama tayari.

Akimeza, aweke tiki kwenye kalenda ukutani. Halafu usiku, saa mbili, simu yake ilie mara ya pili. Hii si ya kumeza, ni ya kuuliza: je, kuna tiki ya leo? Kwenye simu nyingi usipochagua siku, alamu hulia mara moja tu na kuisha, kwa hivyo chagua siku zote saba. Watu huacha Jumamosi na Jumapili kwa sababu ndivyo walivyoweka alamu ya kazi. Jina liite "Kalenda", inatosha.

Tiki ikikosekana, hesabuni tembe. Akipewa tembe 21 za wiki moja na akaanza Jumatatu, Jumatano usiku zinafaa kubaki 12. Zikiwa 15, leo hajameza. Ameze hapo hapo, kwa sababu siku bado haijaisha. Akigundua kesho yake, asimeze mara mbili kufidia. Ameze ya siku hiyo na aiambie kliniki. Mkikuta tiki zinakosekana mara kwa mara, msimpigie kelele. Tazameni kama ratiba yake imebadilika, labda amehamia zamu ya usiku, mhamishe alamu.

Hatari kubwa haiko wiki ya kwanza. Inakuja mtu akianza kuhisi fiti: kikohozi kimeisha, mwili umerudi, kisha tembe zinabadilishwa baada ya miezi miwili naye anadhani amemaliza. Hapo ndipo huzima alamu kwa mkono wake mwenyewe. Lakini vijidudu vilivyobaki havionekani, na ukiacha katikati vinaweza kurudi vikiwa sugu kwa dawa zile zile. Matibabu ya TB sugu ni magumu kuliko haya.

Kwa hivyo siku ya kuweka alamu, hesabuni miezi sita pamoja, mzungushie duara tarehe ya mwisho kwenye kalenda, na mkubaliane kwamba hakuna atakayegusa alamu ile kabla kliniki haijasema imetosha. Nao wanaotoa dawa wangetusaidia sana kama, kabla ya kuandika "asubuhi" kwenye pakiti, wangemuuliza mgonjwa anaamka saa ngapi.