Video ya Sekunde 30 na Soko la Mchele wa Mkula

Msimu wa mavuno unapofika Bonde la Kilombero, mchele huwa mwingi sokoni na mnunuzi wa jumla ndiye hupanga bei. Kwa mfanyabiashara mdogo wa Mkula, simu inaweza kumfikisha moja kwa moja kwa mlaji wa Ifakara, Morogoro au Dar es Salaam, iwapo video anayoituma itajibu maswali ya mnunuzi aliye mbali.

Maswali hayo ni machache: ni mchele gani, una chenga kiasi gani, uzito ni sahihi, na bei ni kiasi gani? Mfanyabiashara anayeuza SARO 5, mbegu iliyotokana na utafiti wa kituo cha Ifakara, anaweza kuyajibu kwa sekunde 30. Kwanza huonesha gunia likifunguliwa. Kisha huchota mchele kutoka katikati ya gunia, si juu pekee, na kuutandaza kiganjani ili punje nzima na chenga zionekane. Baada ya hapo huonesha mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo: kwanza ikisoma sifuri, kisha ikisoma kilo 5 za mchele. Mwisho hutaja kwa sauti bei ya kilo, mahali alipo na tarehe.

Video hiyo hurekodiwa mchana, kwenye kivuli chenye mwanga wa kutosha. Taa ya manjano hubadilisha rangi ya mchele, na mteja aliyepokea mzigo tofauti na alichokiona hawezi kurudi. Kwa sababu hiyo hiyo, kila mzigo mpya unahitaji video mpya.

Ufupi nao hupunguza gharama, kwa kuwa anayetuma na anayetazama wote hutumia bando.

Kikwazo kikubwa kipo kwenye usambazaji. Status ya WhatsApp hudumu saa 24, na kwa kawaida huonekana kwa watu waliohifadhiana namba. Mfanyabiashara mwenye wateja 80 ambao hawajahifadhi namba yake anaweza kudhani video haivutii, ilhali haijawafikia. Hivyo, kila anayenunua anapaswa kuombwa aihifadhi namba hiyo wakati huo huo.

Idadi ya watazamaji peke yake haitoshi kuwa kipimo. Wakitazama 40 na asiulize hata mmoja, kinachopaswa kuangaliwa kwanza ni bei na gharama ya usafiri. Wakiuliza wengi jambo lile lile, jibu lake lilikosekana kwenye video na liongezwe katika inayofuata.

Hata hivyo, video haikamilishi mauzo. Kabla ya kupakia mzigo, muuzaji anapaswa kuthibitisha malipo kwa kuangalia salio lake mwenyewe, badala ya kutegemea ujumbe uliotumwa na mnunuzi.