Alama Zimeshuka, Je, Mgonjwa Amepona?

Katika tiba ya mazungumzo ya NHS, hapa England, sonona hupimwa kwa dodoso la PHQ-9, lenye alama 0 hadi 27. Mwenye 10 au zaidi huhesabiwa mgonjwa. Badiliko huaminika likifika alama 6. Chini ya hapo huenda ni kuyumba kwa kipimo tu.

Tuchukue wawili. Mmoja ametoka 11 hadi 9: amevuka mstari, lakini badiliko lake haliaminiki. Mwingine ametoka 24 hadi 14: amepata nafuu ya kweli, ingawa bado ni mgonjwa.

Tukihesabu waliovuka mstari tu, tunamsahau huyu wa pili. Kwa maoni yangu, tusome hesabu zote mbili, kisha tumuulize mwenyewe: usingizi je, na kazi?